Sola, dizeli au TANESCO: mchanganuo wa pampu ya kisima cha kijiji unavyoandikwa

*"Wakuu, niko kamati ya maji ya kijiji huku Chamwino. Jenereta la kisima linatumaliza kwa dizeli, tunataka kufunga sola. Mfadhili anasema hatoi hela mpaka tupeleke andiko linalolinganisha njia zote, gharama, faida na hatari zake. Tunaanzia wapi?"*

Mkuu, nimeshirikiana na kamati kadhaa za maji huku Dodoma kuandaa maandiko ya aina hiyo, na moja ilikuwa na hali inayofanana sana na yenu. Nitakupitisha kwenye hesabu zake. Bei ni za kazi ile, kwa hiyo chukua mwendo wake kisha weka namba zenu.

Anza kwa kuandika ni maji kiasi gani mnataka kwa siku, kabla hujataja mtambo wowote. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Kijiji kile kilikadiriwa kufikisha watu 1,600, kwa hiyo lengo likawa lita 40,000, yaani mita za ujazo 40. Sasa, andiko la mwanzo ambalo kamati ilikuwa imeandaliwa na muuzaji wa sola lililinganisha sola ya kutoa mita 40 na jenereta lililokuwa likitoa mita 25, kwa sababu hela ya dizeli ilikuwa ikikatika katikati ya wiki. Ulinganisho wa namna hiyo hausemi kitu. Kila njia ni lazima ipimwe kwa kiasi kilekile cha maji. Halafu pembeni unaweka njia moja zaidi, ya kuacha mambo yaendelee kama yalivyo, na hiyo unaiandika kwa hali yake halisi: mita 25, na hela yake inayotoka kila mwaka. Kuacha kama ilivyo nako kuna gharama, na wajumbe wengi hushtuka wakiiona imeandikwa.

Kabla ya bei kuna swali moja linaloweza kuitoa sola kabisa: kisima kinatoa maji kiasi gani kwa saa? Jenereta linaweza kusukuma polepole kwa saa kumi na mbili. Sola inapaswa kuleta maji ya siku nzima katika jua ambalo, ukilikusanya, huku kwetu ni sawa na saa tano na nusu hivi za jua kali. Mita 40 katika muda huo ni zaidi ya mita 7 kwa saa wakati wa mchana. Kisima kile kilipopimwa kilitoa mita 9, kikafaa. Kingetoa mita 4, mchana pampu ingeyakuta maji yamekwisha, na bei nzuri ya paneli isingesaidia lolote. Kama ripoti ya kupima kisima chenu imepotea au ni ya zamani, lipieni kipimo kipya kwanza. Na mkisoma ripoti hiyo, chukueni kina cha maji pampu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu kile cha maji yaliyotulia ni kifupi na kitawadanganya.

Kina hicho ndicho kinachotoa hesabu ya nishati. Kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa tenki, pamoja na msuguano wa bomba, tulipata mita 120. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa mita moja kunahitaji uniti 0.002725, kwa hiyo:

```
40 x 120 x 0.002725 = uniti 13 kwa siku
```

Pampu na mota yake hupoteza karibu nusu, kwa hiyo mahitaji halisi ni uniti 26 kwa siku. Namba hii moja inalisha njia zote. Kwa jenereta ni kama lita 10 za dizeli. Kwa TANESCO ni uniti 26 za luku. Kwa sola ni paneli za kilowati 6 na nusu, ukishatoa hasara ya joto, vumbi na nyaya. Muuzaji akikuletea paneli za kilowati 12 kwa kazi hiyo, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Sasa gharama. Tulichukua miaka 10. Vitu vilivyo sawa katika njia zote, kama pampu yenyewe, mabomba na magati ya kuchotea, tuliviweka nje ya ulinganisho, maana havibadilishi uamuzi. Dizeli kwa shilingi 2,800 ilifika shilingi milioni 10.2 kwa mwaka, na oili, filta na fundi milioni 1.8, jumla milioni 12. Juu yake kuna kulifumua jenereta kwa milioni 8 mwaka wa 4 na tena mwaka wa 8.

Huwezi kujumlisha tu milioni 12 mara kumi na kuilinganisha na hela ya paneli inayotoka leo. Shilingi ya mwaka wa 9 haina uzito wa shilingi ya leo, kwa hiyo kila gharama ya mbele inapunguzwa. Tulitumia asilimia 10 kwa mwaka, na kwa kuwa tulishikilia bei za leo hatukuongeza mfumuko wa bei popote. Kwenye Excel ni mstari mmoja:

```
=PV(10%,10,-12000000)
```

Unapata milioni 73.7. Ongeza matengenezo makubwa mawili, nayo yakiwa yamepunguzwa, jenereta la mita 40 linafika milioni 83 kwa thamani ya leo. TANESCO ilihitaji laini ya kilomita 2 kwa milioni 56, transfoma ya milioni 12 na milioni 4 za kuunganisha. Umeme na uangalizi ni milioni 3.8 kwa mwaka. Jumla milioni 95. Sola ilikuwa milioni 32 za paneli, inveta, vyuma, uzio na ufungaji, na milioni 14 za tenki la ziada. Tenki hilo halikuwepo kwenye karatasi ya muuzaji, wakati bila tenki watu wanaokuja alfajiri wanakuta gati kavu. Mlinzi na usafi wa paneli milioni 1.4 kwa mwaka, inveta mpya milioni 6 mwaka wa 7. Jumla milioni 58.

Wengi wangeishia hapo na kuandika "tunapendekeza sola". Subiri hatari zipite kwanza, kwa sababu ndizo zilizobadilisha pendekezo letu.

Mawingu ya Desemba hadi Machi ndiyo yanayowatia watu hofu, lakini huku kwetu mawingu huja na mvua, na wakati wa mvua watu huchota kwenye malambo na kukinga paani, mahitaji yakashuka. Hatari kubwa zaidi ni inveta kuungua au kupigwa na radi mwezi wa Oktoba, kiangazi kikiwa kikali na kifaa kikingojewa kutoka Dar es Salaam. Wiki mbili bila maji wakati huo ni jambo zito mno kwa kijiji. Tukasema: jenereta la zamani lisiuzwe, libaki akiba, lifanye kama sehemu moja ya kumi ya kazi. Dizeli na matunzo yake ni milioni 1.6 kwa mwaka, na jumla ya sola ikapanda kutoka 58 hadi karibu 68. Hiyo ndiyo njia iliyopendekezwa. Napenda hatari iandikwe hivyo, ikiwa na dawa yake na bei ya dawa hiyo ndani ya jumla. Jedwali la "hatari: kubwa, ya kati, ndogo" peke yake halimsaidii mtu anayetakiwa kuidhinisha hela.

Kwenye faida kuna mtego mmoja. Usiandike "tutaokoa dizeli" kama faida, kwa kuwa akiba hiyo tayari imo kwenye tofauti ya gharama, na ukiiandika tena umeihesabu mara mbili. Faida ya kweli ilikuwa mita 15 za ziada kwa siku. Ni ndoo 750, kila ndoo shilingi 50, yaani shilingi 37,500. Tulihesabu siku 200 za kiangazi tu: milioni 7.5 kwa mwaka, au milioni 46 kwa thamani ya leo. Faida hii iko sawa kwa njia zote tatu za mita 40, kwa hiyo haichagui kati ya sola na TANESCO. Kazi yake ni kujibu kama mradi ufanyike kabisa au mambo yaachwe. Kuacha kama ilivyo kuligharimu milioni 60. Njia yetu ya milioni 68 inazidi kwa milioni 8 tu, na ndoo moja kati ya tano za ziada ikinunuliwa, tofauti hiyo imelipwa. Muda wa akina mama na watoto kwenye foleni tuliueleza kwa maneno katika aya yake, bila kuugeuza kuwa shilingi, kwa sababu hatukuwa na kipimo cha kuaminika.

Kisha weka ukurasa unaosema ni nini kingetubadilisha mawazo. Dizeli ingeshuka hadi kama shilingi 2,050 kwa lita, na kudumu hapo miaka kumi, ndipo jenereta lingelingana na sola yenye akiba. Gharama ya sola ikizidi makadirio kwa theluthi nzima, zinalingana pia. Laini ya umeme ikiwa umbali wa kilomita 1 badala ya 2, TANESCO inaingia kwenye mashindano. Kwa hiyo ulizeni ofisi ya TANESCO mapema kama kijiji kimo kwenye mpango wa REA na laini itapita wapi. Mfadhili wetu aliuliza swali la nyongeza ambalo nanyi mtaulizwa: umeme ukifika baada ya miaka mitatu, paneli zitakuwa hasara? Jibu lilikuwa hapana. Hela ya paneli itakuwa imekwishatumika, na kuendesha sola pamoja na akiba yake ni milioni 3 kwa mwaka dhidi ya 3.8 za umeme, bila laini ya kulipia. Umeme ukija utachukua tu nafasi ya jenereta.

Mwisho andikeni nani atatunza hela ya inveta. Milioni 6 za mwaka wa 7 ni kama shilingi 860,000 za kuweka kando kila mwaka kutoka mauzo ya ndoo, kwenye akaunti ya chombo chenu cha watumia maji, na RUWASA wilayani waone taarifa zake. Kamati iliambatisha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliokubali kiwango hicho, na waliokaa kuidhinisha waliuomba muhtasari huo kabla ya kuuliza lolote kuhusu paneli.