Tangazo la Chama Linalomkaribisha Mwanafunzi Mwenye Haya

Juzi katibu wa klabu moja ya mdahalo chuoni alinitumia tangazo lake la kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaniomba nilipitie. Lilianza hivi: "Je, wewe ni mzungumzaji hodari? Njoo uoneshe kipaji chako!" Nilishtuka, kwa kuwa maneno hayohayo niliyaandika mimi nilipokuwa katibu, na waliokuja wote walikuwa wamekwisha kuzoea mdahalo tangu sekondari.

Mwenye haya hakikatai chama. Anachokiogopa ni dakika chache za mwanzo: atakaa wapi, nani atampokea, na kama ataitwa mbele ya watu. Ukimuuliza kama ni hodari, anajijibu kimoyomoyo kuwa siye, na kusoma kwake kunaishia hapo. Hata "usiogope" humkumbusha tu hofu yake, na "njoo na rafiki zako" humuumiza asiye na rafiki bado. Mwaka uliofuata niliandika hivi:

"Karibu Jumatano saa 11:00 jioni, chumba cha semina kilicho juu ya maktaba. Dada mwenye fulana ya kijani atakuwa mlangoni kuanzia saa 10:45, na viti vya nyuma tumewaachia wageni. Wengi huja peke yao. Utatazama mdahalo mmoja wa wazungumzaji 8, kila mmoja dakika 7, na saa 12:15 tutakuwa tumemaliza. Hutaitwa kuzungumza. Ukiwa na swali, mwandikie katibu faragha."

Niliandika "karibu" wala si "karibuni", kwa sababu tangazo husomwa na mtu mmoja akiwa na simu yake kitandani, naye anataka kujua kwamba ni yeye anayeambiwa.

Walikuja wengi wa aina niliyoikusudia. Kisha mwenyekiti wetu, kwa nia njema kabisa, akamtaka kila mgeni asimame, ataje jina, mkoa atokako na kozi anayosoma. Zamu ilipobakiza viti viwili, binti mmoja wa safu ya nyuma alichukua mkoba wake akatoka. Sikumwona tena katika vikao vyetu, na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu nilimwahidi kwa maandishi kwamba hataitwa. Ndugu viongozi, msiandike ahadi ambayo mwenzenu atakayeshika kikao hajaisoma.

Baadaye tuliongeza sentensi moja iliyosaidia kuliko zote: "Tunahitaji pia mtunza muda." Kazi hiyo ni kushika saa na kugonga meza dakika ya 1, ya 6 na ya 7, bila kutamka neno. Kijana mmoja aliifanya kwa wiki sita kabla hajaomba mwenyewe nafasi ya kuzungumza, na hatukumharakisha.

Katibu nimemrudishia tangazo lake nikiwa nimefuta sentensi zote mbili za mwanzo, na nimemsihi ampe mwenyekiti wake alisome kabla ya siku ya kikao.