Usimwite mtu Profesa akiwa bado anachunga mbuzi

Kuna dada kanitumia meseji, anahariri wasifu mrefu wa babu yao na ukoo mzima unavutana, huyu kaandika Dk., yule Dokta, mwingine Mzee, afanyeje. Mdogo wangu umefika kwa mwenyewe, hizi kazi nimezifanya miaka mingi na jina langu halijawahi kutajwa hata kwenye shukrani, ila tuyaache hayo.

Chukua mfano wa mtu anayejulikana, Wangari Maathai. Alizaliwa 1940 akaitwa Wangari Muta, kwa Wakatoliki akabatizwa Mary Josephine, akaolewa na Mwangi Mathai akawa Wangari Mathai, walipoachana mume akataka jina lake lirudi, naye Wangari akaongeza a moja tu, basi, Maathai. Sasa mhariri mwenye haraka anakutana na Mathai na Maathai kwenye faili moja, anadhani ni kosa la kuchapa, anabonyeza Replace All. Kwisha habari! Mume naye kageuka Maathai, jina ambalo hakuwahi kuwa nalo, na kisa cha ile a kimefutika.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chora jedwali, kila mtu na mstari wake: jina gani, kuanzia lini, cheo gani, alikipata mwaka gani. Halafu kwenye Word tafuta "athai", sio "Mathai", manake ukitafuta Mathai kompyuta inairuka Maathai, lakini athai inayanasa yote mawili. Kila yanapotokea angalia aya inasimulia mwaka gani, linganisha na jedwali, rekebisha kwa mkono, moja moja. Mimi utotoni naandika Wangari, ukubwani Maathai mpaka mwisho, ila barua, cheti au maneno ya mtu mwingine nayaacha na jina lililomo humo, na mwanzoni nasema hivyo ili msomaji asishangae.

Vyeo navyo hivyohivyo. Udaktari wake wa falsafa ni wa 1971, kwa hiyo Dk. ikitokea kwenye habari za masomo yake Marekani miaka ya sitini, itoe. Tafuta Dk., Dkt., Dokta na Daktari kila moja peke yake, uchague moja. Daktari uiogope zaidi, manake shahada yake ilihusu anatomia ya wanyama na ukiandika Daktari hapo msomaji atadhani alikuwa anatibu ng'ombe.

Wengi hawanisikii kwenye hili, wanataka Mheshimiwa Profesa Dokta kila sentensi, eti ndio heshima. Heshima gani ya kumchosha msomaji? Cheo kamili weka kwenye kichwa na mara ya kwanza, basi.

Mwisho tafuta "marehemu" na "hayati". Kila jina lililobandikwa hivyo liandike kwenye karatasi umpelekee shangazi mkubwa kabla ya kwenda kwa mchapaji, yeye ndio anajua nani bado yupo. Nimeshaona mzee kaitwa marehemu na msomaji wa wasifu, na yuko palepale turubaini kakaa mstari wa mbele.