Mfumuko wa bei asilimia 3, sahani yangu ya wali ikaongezwa shilingi 75

Mimi napika. Chakula cha mchana cha mafundi kwenye saiti moja huku Mtumba, sahani kama 320 kwa wiki, na kama na wewe ni mama lishe au una tenda yoyote ya mwaka mzima ambayo mkataba wake una maneno "bei itarekebishwa kulingana na mfumuko wa bei", soma hii kabla hujasaini, mimi nilisaini bila kuuliza maana nilijua mfumuko wa bei ni hizi bei za sokoni tunazolia nazo kila siku.

Tulikubaliana 2,500 kwa sahani. Mwaka ukaisha, mwezi wa tatu nikaenda kwa mhasibu wa mkandarasi na daftari langu, nimevaa vizuri kabisa. Mhasibu akafungua simu akasoma takwimu ya taifa, ilikuwa kama asilimia 3, akapiga kikokotoo pale pale akaniambia mama, 2,500 mara asilimia 3 ni 75, kwa hiyo sahani itakuwa 2,575. Nilidhani ananitania. Nikamwambia kaka, nyanya zimepanda mara mbili, mimi nataka 3,100. Akacheka, na wala sikumlaumu, maana hata hiyo 3,100 niliipata kwa njia mbovu, nitaeleza.

Nilirudi nyumbani Nkuhungu nimenuna. Mtoto wa dada yangu anasoma takwimu pale UDOM, alikuja jumapili kula akanikuta na daftari mezani, akasema mama mdogo, wewe na mhasibu wote mmekosea ila yeye kakosea kapu na wewe umekosea hesabu. Tukakaa mpaka saa nne usiku.

Tuanze na kapu. Ile namba ya taifa inatoka kwenye Fahirisi ya Bei za Mlaji, inatolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma. Wana kapu la bidhaa na huduma 383, wanafuatilia bei zake kwenye mikoa yote 26 ya Tanzania Bara, na mwaka wa kuanzia wanaoutumia ni 2020, ambao wameupa namba 100. Ukisikia fahirisi iko 115 maana yake lile kapu lililogharimu shilingi 100 mwaka 2020 sasa linagharimu 115. Na mfumuko wa bei wa mwaka ni fahirisi ya mwezi huu ukilinganisha na ya mwezi huu huu mwaka jana. Ndio maana mfumuko ukishuka kutoka 5 hadi 3 bei hazijashuka, bado zinapanda ila taratibu, hili watu wanaligombania sana vijiweni bure tu.

Sasa ndani ya kapu vitu havilingani. Kila kimoja kina uzito kutokana na watu wanatumia hela kiasi gani kwenye kitu hicho, na uzito wa sasa umetoka kwenye utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa asilimia 28.2. Iliyobaki ni nauli, kodi ya nyumba, umeme, nguo, simu, shule, hospitali na kadhalika. Niliposikia hiyo 28 nikasema huyo mtu anayetumia robo na kidogo tu ya hela yake kwenye chakula anaishi wapi, si mtaani kwetu.

Kijana akanichorea. Chukua kaya mbili. Ya kwanza inatumia 300,000 kwa mwezi, kati ya hizo 180,000 ni chakula, yani asilimia 60. Ya pili inatumia 2,700,000, chakula ni 540,000, asilimia 20. Ukichukua wastani wa 60 na 20 unapata 40, lakini kapu halitengenezwi hivyo, kapu linajumlisha shilingi zote: jumla 3,000,000, chakula 720,000, asilimia 24. Umeona ilivyovutwa kuelekea kwa tajiri? Kwenye hilo kapu hapigi kura mtu, inapiga kura shilingi. Sio wizi, ndivyo fahirisi hizi zinavyotengenezwa nchi nyingi, maana kazi yake ni kupima hela yote ya walaji nchini inapoteza nguvu kiasi gani. Ila haikutengenezwa kupima jiko la mtu anayenunua mchele na nyanya tu.

Kwa hiyo nikatengeneza kapu langu. Niliorodhesha nilichonunua wiki moja ya mwezi wa tatu mwaka wa mkataba: mchele kilo 60 kwa 2,400, sembe kilo 50 kwa 1,200, maharage kilo 25 kwa 2,800, mafuta ya alizeti lita 10 kwa 6,000, nyanya kilo 24 kwa 1,250, na mkaa gunia moja 36,000. Jumla 400,000 kamili, nimeacha chumvi na vitunguu ili hesabu isikuchoshe.

Hapo kwenye nyanya ngoja nisimame kidogo maana ndipo watu wanapopigwa. Pale Majengo nyanya zinauzwa kwa sado, sio kwa kilo. Mwaka ule sado ilikuwa 5,000 na inajazwa mpaka ina kilemba, mwaka uliofuata ikawa 7,500. Mtu anasema imepanda nusu. Mimi huwa natembea na mzani wa kuning'iniza kwenye kapu (wauzaji wananijua, wanasema mama huyu polisi), nikapima: ile ya kilemba ilikuwa kilo 4, hii mpya imesawazishwa juu kama meza, kilo 3. Kwa hiyo kilo imetoka 1,250 ikaenda 2,500, imepanda mara mbili, na nusu ya hilo ongezeko sado ilikuwa imelificha. Wanaokusanya bei za fahirisi nao inabidi wapime fungu na sado kwa sababu hiyo hiyo, bei ikibaki pale pale na fungu likapungua hiyo nayo ni bei kupanda. Kama huna mzani nunua kabla hujanunua daftari.

Bei mpya zikawa: mchele 2,700, sembe 1,500, maharage yamebaki 2,800, mafuta yameshuka 5,400, nyanya 2,500, mkaa 43,000.

Kosa langu sasa. Nilichukua asilimia za kila kitu, mchele 12.5, sembe 25, maharage sifuri, mafuta yamepungua 10, nyanya 100, mkaa kama 19, nikajumlisha nikagawanya kwa sita nikapata asilimia 24 na nusu. Nikazidisha na 2,500, ikaja kama 600, ndio ile 3,100 yangu. Kijana akauliza, mama mdogo, kwani nyanya unazitumia sawa na mchele? Nyanya zilikuwa 30,000 kwenye laki nne, mchele 144,000. Nikigawanya kwa sita naipa nyanya sauti sawa na mchele, na hapo nyanya ikipiga kelele namba yote inaruka.

Njia yenyewe ni rahisi mpaka inaudhi. Chukua kilo zile zile za mwanzo, zizidishe kwa bei mpya, jumlisha. Mchele 162,000, sembe 75,000, maharage 70,000, mafuta 54,000, nyanya 60,000, mkaa 43,000. Jumla 464,000. Gawa kwa 400,000 unapata 1.16, yani kapu langu limepanda asilimia 16. Sio 3, sio 24.

Kilo lazima ziwe zile zile za mwanzo hata kama hukununua hivyo. Mimi nyanya zilipopanda nilipunguza nikawa naongezea za kopo, na kwenye daftari langu la zamani nilikuwa naandika hela niliyotoa tu, kwa hiyo lilionyesha nyanya zimepanda kidogo sana. Hiyo inapima mimi nilivyobana, haipimi bei. Ubaya wake upo pia, kapu lisilobadilika linakuonyesha maisha yamepanda zaidi ya ulivyoyahisi mwenyewe uliyehamia kwenye kitu rahisi, ndio maana hata la taifa linabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa.

Kisha kuna hatua ambayo mimi na mhasibu wote tuliiruka. Vitu vya kapu ni laki nne kwa sahani 320, yani 1,250 kwa sahani, nusu tu ya bei. Nusu nyingine ni mishahara ya wadada wawili, bodaboda, kodi ya banda na faida yangu, na hivyo mwaka ule havikupanda. Kwa hiyo asilimia 16 unaizidisha na 1,250, sio 2,500. Inakuja 200.

Nikarudi kwa mhasibu jumatatu na ukurasa mmoja, kilo, bei za zamani, bei mpya, na risiti za zile nilizopata. Aliukagua, akabishana kwenye mkaa kidogo, kisha tukaandika 2,700. Na mkataba mpya hausemi tena mfumuko wa bei wa taifa, unasema kapu hili lililoambatanishwa, vitu sita, kwa kilo na lita.

Nilichosahau kuandika ni mwezi. Mwezi wa sita nyanya zikamwagika sokoni, kilo ikashuka mpaka 1,000, mhasibu akaja jikoni mwenyewe na ule ukurasa wangu mkononi, kashapiga hesabu: nyanya 24,000 badala ya 60,000, kapu 428,000, ongezeko ni asilimia 7, kwa hiyo mama sahani iwe 2,590. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Ilibidi nimkalishe nimpe wali kwanza, halafu nimweleze kwamba mwezi wa tatu unalinganishwa na mwezi wa tatu, maana nyanya zina msimu wake, na ukipima mwezi wa sita kwa mwezi wa tatu unapima msimu. Akakubali, tukaongeza neno "Machi" kwa kalamu pembeni, wote wawili tukasaini.