Mhadhiri anayedhalilisha watu kwenye presentesheni: tulivyolifikisha idarani

"Wakuu, mimi ni mwakilishi wa darasa, mwaka wa pili. Tuna mhadhiri ambaye kila siku ya presentesheni lazima mtu atoke analia. Darasa linanisukuma niende idarani, ila nasikia ukimshtaki mhadhiri mnakamatwa wote kwenye mtihani. Nianzie wapi?"

Mkuu, nilikuwa mwakilishi wa darasa kwenye kozi ya ualimu hapa Tanzania na tulikuwa na mhadhiri wa namna hiyo. Nitakaa zaidi kwenye maandalizi na barua, kwa sababu hapo ndipo idara inapoamua kama mna hoja au mnatafuta alama za bure.

Kabla ya yote, tenganisha ukali na udhalilishaji. Mhadhiri akisema "hoja hii haina ushahidi", "hamkusoma, rudini wiki ijayo", au akiwapa alama 2 kati ya 10, huyo yuko kazini kwake. Mkipeleka hayo, mkuu wa idara atamtetea, na atakuwa na haki. Kinachopelekwa ni maneno yanayoiacha kazi na kumshika mtu. Kwetu, binti mmoja alikwama kwenye Kiingereza akiwa katikati ya kuwasilisha. Mhadhiri akamkatiza, akamuuliza alisoma sekondari gani, akaligeukia darasa na kusema, "Huyu ndiye mnataka akafundishe watoto wenu?" Kijana mwingine aliulizwa mbele ya watu suti ameazima kwa nani. Wengi wetu tulitoka shule za kata, kufundishwa kwa Kiingereza tulianza kidato cha kwanza, kwa hiyo lile swali la sekondari lilimpiga kila aliyekuwa amekaa pale.

Nilifungua daftari la peke yake. Kila tukio niliandika tarehe, kipindi, kundi lililokuwa mbele, maneno kama yalivyotamkwa (Kiswahili kikiwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa Kiingereza), na kilichofuata. Niliandika siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya wiki mbili kila mtu ana toleo lake. Usikusanye haya kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Grupu lenye watu mia na zaidi halina siri, na siku picha ya mazungumzo yenu ikimfikia mhadhiri, kesi inahamia kwenu: mmemtukana mtandaoni. Na kila aliyedhalilishwa mfuate mwenyewe, faragha, umuulize kama anakubali tukio lake litajwe. Yule binti alikubali tukio liandikwe bila jina. Kijana wa suti alikataa, tukaliacha, ingawa ndilo lililoniuma zaidi.

Andika pia madhara kwenye upimaji, maana idara inawajibika kwa hilo moja kwa moja. Koswaki yetu ilikuwa alama 40, mtihani wa mwisho 60, na presentesheni ilibeba 10 katika hizo 40. Kufikia katikati ya muhula, kila kundi lilikuwa linasukuma mbele watu walewale wenye ulimi mwepesi. Wengine walikuwa wanadai kuumwa siku yao ikifika. Asiyesimama anapata sifuri, na sifuri hiyo humsogeza karibu na sapu mtu ambaye somo analijua. Mkuu wa idara anaweza kubishana nawe kuhusu machozi, lakini karatasi ya mahudhurio ya presentesheni ataiangalia.

Tulimfuata mhadhiri kwanza. Nilikwenda na naibu wangu, ofisini kwake, saa alizotenga kuonana na wanafunzi. Tulimwambia kwa adabu kwamba watu wanaogopa kusimama, tukamwomba maoni ayatoe kundi likimaliza badala ya kukatiza. Akasema anatukomaza, yeye alifundishwa hivyo. Nikaandika tarehe na jibu lake, kwa kuwa swali la kwanza idarani huwa "mmeongea naye?" Lakini kama maneno yake yanagusa miili ya wasichana, au amemtishia mtu alama, msiende kwake. Hilo lipeleke Dawati la Jinsia la chuo au kwa mshauri wa wanafunzi, na mwathirika asindikizwe.

Halafu barua. Ukurasa mmoja, kwa mkuu wa idara, lugha ya kiofisi. Kichwa chetu kilikuwa "YAH: UENDESHAJI WA PRESENTESHENI", kikifuatiwa na jina la kozi. Hatukuandika "mnyanyasaji" wala "katili" popote. Aya moja ilisomeka hivi: "Katika kipindi cha tarehe hiyo, mwanafunzi akiwa anawasilisha alikatizwa na kuulizwa shule aliyosoma, kisha darasa likaambiwa hafai kufundisha. Mwanafunzi huyo hakuendelea, na hajawasilisha tena." Msomaji atoe hukumu mwenyewe.

Watu watataka darasa zima litie sahihi. Mimi nilikataa. Mhadhiri anayelalamikiwa ana haki ya kupewa tuhuma ajibu, na orodha ya majina ikiwa imebandikwa pale ataisoma huku bado anashika kalamu ya kusahihishia. Badala yake tuliitisha kikao cha darasa, tukaandika muhtasari wenye idadi ya waliohudhuria na azimio la kumtuma mwakilishi. Hapo unakwenda kwa wadhifa wako, hakuna atakayesema una ugomvi binafsi.

Mwisho wa barua weka maombi ambayo idara inaweza kuyatekeleza muhula huohuo. Tuliomba matatu: vigezo vya alama vitolewe kwa maandishi kabla ya kuwasilisha, mhadhiri msaidizi awepo na naye ajaze alama zake, na waliokacha kwa hofu wapewe nafasi nyingine. Hatukuomba afukuzwe wala aombe radhi. Mkuu wa idara hana mamlaka ya kumfukuza mtu, na ukimwomba asichoweza unampa sababu ya kutofanya chochote.

Kwenye kikao na mkuu wa idara, alituuliza kama tunataka kuchagua namna ya kusahihishwa. Nikamjibu kwamba alama hatujazilalamikia hata moja, tunaomba vigezo vijulikane. Hapo sauti yake ikabadilika, akaanza kuuliza tarehe. Wiki iliyofuata mhadhiri msaidizi alikuwepo na fomu ya vigezo ikabandikwa. Yule binti aliwasilisha mbele ya msaidizi, akapita. Mhadhiri mwenyewe hakuwa mtu mwema ghafla. Aliingia darasani akauliza nani alikwenda kumsema, nikasimama nikasema nilitumwa na darasa. Muhula mzima hakunisalimia, lakini kukatiza watu kulipungua sana, na kuulizana shule kukaisha.

Kuhusu hofu ya kukamatwa, kinga yenu ni karatasi. Tunzeni kazi zote zilizosahihishwa, na dai koswaki ibandikwe kabla ya mtihani wa mwisho ili anayeona kosa alalamike mapema. Wakati huo barua yenu iwe tayari idarani, maana malalamiko yanayoletwa baada ya matokeo husomwa kama hasira za waliofeli. Ile fomu ya tathmini ya wahadhiri ya mwisho wa muhula nayo jazeni, ila msiitegemee, matokeo yake huja wakati nyie mmeshaondoka kwenye kozi.

Ukimpelekea katibu muhtasi wa idara barua, beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Wakikaa kimya wiki mbili, andika barua fupi ya kukumbushia. Wakinyamaza tena, hiyo nakala yenye muhuri ndiyo unaambatisha kwenda kwa mkuu wa kitivo, na nakala kwa waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi. Usiruke idara kwenda juu moja kwa moja, watairudisha palepale na mtakuwa mmempa mkuu wa idara sababu ya kununa.