Diski moja, sehemu moja, maadui tofauti

*Shikamoo dada. Mimi nipo Nansio, Ukerewe. Kwenye banda letu kuna Resident Evil 4 ya PS2. Kuna sehemu ndani ya kasri, nikicheza mimi naua maadui mpaka vidole vinauma. Mdogo wangu wa miaka 11 akifika pale pale, kwenye Normal ile ile, wanamtokea wachache na hawamvamii sana. Diski ni moja, mashine ni moja. Inakuwaje? Halafu kuna magemu mengine mimi huchagua ngazi rahisi, na wenzangu wanasema hapo sijamaliza gemu, nimebebwa. Wana haki ya kusema hivyo?*

Marahaba mdogo wangu. Umeona vizuri, na wala diski haina kasoro. Resident Evil 4, tangu ilipotoka mwaka 2005, ina ugumu unaojirekebisha wenyewe chini kwa chini bila kumwambia mchezaji. Ukichagua Normal hujachagua ugumu mmoja uliosimama. Umechagua eneo ambalo ugumu unaruhusiwa kupanda na kushuka humo ndani. Ukifa mara kwa mara, maadui wanapunguza ukali, mapigo yao hayaumi kama awali, na katika baadhi ya sehemu wengine hawatokei kabisa. Ukienda vizuri, unashtukia wanakuzingira haraka na kosa moja linakula damu nyingi. Mdogo wako anakufa sana, wewe hufi. Ndiyo maana mnakutana na sehemu mbili tofauti ndani ya kasri moja.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za magemu ya simu hapa Mwanza, na mfumo wa namna hii nimeujenga mwenyewe kwenye gemu dogo la boti linalokwepa mawe na maharamia ziwani. Sitakuonyesha msimbo wa Resident Evil, ila huu hapa wa kwangu, nimeufupisha, utakusaidia kuona kiini cha jambo:

```
alama = 50
akifa:                   alama = alama - 10
akimzamisha adui
bila kuguswa:            alama = alama + 2
alama isipungue 0, isizidi 100
idadi_ya_maadui = 4 + alama / 10
```

Mchezaji anaanza na alama 50, kwa hiyo anakutana na maadui 9. Tuseme mtoto amekufa mara tatu mfululizo: alama zimeshuka hadi 20, na akirudi anakuta maadui 6. Kaka yake aliyezamisha maboti 15 bila kuguswa amefika 80, naye anakuta 12, mara mbili ya mdogo wake. Hakuna aliyebadilisha chochote kwenye menyu.

Angalia kwamba kifo kinashusha alama 10 na ushindi unapandisha 2 tu. Hilo limekusudiwa. Mtu aliyekwama anahitaji nafuu sasa hivi, kabla hajatupa padi. Lakini nafuu ikiondolewa kwa kasi hiyo hiyo, mchezaji anapumua kidogo, anakandamizwa tena, anakufa, anapumua tena. Anayecheza anaihisi hali hiyo hata kama hajui jina lake: gemu linakuwa kama limepagawa, dakika hii laini, dakika ijayo kali. Ukikutana na gemu la namna hiyo, jua mtengenezaji hakuweka tofauti ya kutosha kati ya kushuka na kupanda.

Kuna tatizo la pili, na hili kwetu ni kubwa kuliko huko magemu yanakotengenezwa. Mfumo mzima unadhani anayeshika padi ni mtu mmoja. Alama haijui sura wala jina, inajua tu kilichotokea kwenye mchezo unaoendelea. Sasa fikiria banda la Kirumba jioni: padi inapita kwa watoto sita, kila mmoja anacheza mpaka afe. Vifo vyote sita vinaingia kwenye alama moja. Wa saba, ambaye ndiye fundi wao, anakabidhiwa gemu lililolegezwa kwa ajili ya wengine. Akimaliza, mtoto mdogo anapokea gemu lililokazwa kwa ajili ya fundi. Nilipoona watoto wanavyopokezana simu kwenye gemu langu, nikaweka alama ya kila mchezaji peke yake, na kila anayeanza anachagua rangi ya boti lake. Nyinyi nyumbani fanyeni kitu kinachofanana na hicho: kila mmoja awe na sevu yake, na msimalizie mchezo wa mwenzenu.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, usitegemee hisia. Sevu kwenye taipureta iliyo karibu kabla ya sehemu unayoisema. Ingia, hesabu maadui mpaka sehemu iishe, andika. Kisha pakia sevu ile, jiachie ufe mara nne au tano palepale, kila mara ukiendelea kwa Continue, halafu icheze tena kwa dhati huku ukihesabu. Linganisha pia mapigo mangapi ya adui wa aina moja yanakumaliza ukiwa na damu kamili. Silaha iwe ile ile mara zote mbili, maana ukibadilisha na silaha hutajua kilicholeta tofauti.

Jaribio hilo lina faida nyingine: litakufundisha kutoisingizia mashine kila jambo. Mabandani tumezoea kusikia mtu aliyefungwa FIFA dakika ya 90 akisema gemu ilishaamua. Kampuni ya EA, iliyotengeneza FIFA, ina hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya ugumu unaojirekebisha, na mwaka 2020 ilishtakiwa California kwa madai kwamba inautumia kwenye soka lake kwa siri. EA ilikana, na mwaka 2021 walalamikaji wakaiondoa kesi wenyewe. Kumiliki hataza si ushahidi kwamba kitu kimewekwa ndani ya gemu. Resident Evil 4 tunaisemea kwa uhakika kwa sababu tofauti inapimika, kama utakavyoipima wewe.

Nije kwenye lile la wenzako. Jibu langu ni kwamba hawana haki, ila kabla ya kubishana nao, jueni kwanza hiyo ngazi rahisi imepunguza nini. Neno “rahisi” kwenye menyu halikuambii. Kwenye Doom ya mwaka 1993, ngazi ya chini kabisa inakupunguzia maumivu kwa nusu na kila unapookota risasi inakupa mara mbili. Gemu lingine linapunguza maadui, lingine linakusaidia kulenga, lingine linapunguza kasi ya dunia nzima: Celeste ya mwaka 2018 inakuruhusu kuishusha kasi hadi asilimia 50. Hizi ni nafuu za aina tofauti kabisa, na kila moja inakuachia kazi tofauti ya kufanya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Hades, ya mwaka 2020. Ndani yake kuna God Mode, ambayo unaiwasha mwenyewe kwenye menyu. Ukiiwasha, unapunguziwa asilimia 20 ya kila pigo, na kila ukifa inaongezeka asilimia 2, mpaka ifike 80. Ni ugumu unaojirekebisha, kama ule wa kasri lenu, isipokuwa huu unajionyesha wazi, na hauwagusi maadui hata kidogo. Idadi yao, kasi yao na namna wanavyoshambulia vinabaki vilevile.

Tupige hesabu. Unaanza na damu 50. Chukua adui ambaye pigo lake ni 10, na tusijali gemu linavyokata desimali. Bila God Mode, mapigo 5 yanakuua. Siku unayoiwasha, pigo linakuwa 8, na itachukua mapigo 7. Ukifa mara moja, nafuu inafika 22, pigo linakuwa 7.8, na bado ni mapigo 7. Hicho kifo hakijakununulia kitu. Baada ya vifo 10 nafuu ni 40, pigo ni 6, mapigo 9. Baada ya vifo 29 nafuu ni 78, pigo ni 2.2, mapigo 23. Kifo cha 30 kinakufikisha 80, pigo ni 2, mapigo 25. Asilimia zilezile mbili ambazo mwanzoni hazikukupa hata pigo moja, mwishoni zinakupa mawili. Kwa hiyo anayefika kileleni mwa msaada huu ni mtu aliyekwisha kufa mara 30, na katika mara zote hizo amekuwa akipigana na maadui walewale, akisoma lini wananyanyua mkono na lini wanapumzika. Mwambie mtu kama huyo hajamaliza gemu, nami nitamuuliza anayesema hivyo, ni adui yupi huyo mwenzako hakukutana naye? Waliolitengeneza wenyewe hawamnyimi hadithi wala tuzo kwa kuiwasha.

Wenzako wana hoja moja ninayoiheshimu. Yapo magemu, kama Sekiro ya mwaka 2019, ambayo watengenezaji walikataa kuweka ngazi za ugumu, kwa sababu kukwama na kuvuka ndicho walichotaka ukihisi. Ni haki yao. Lakini ugumu si kitu kimoja kwa kila mwili. Pigo linalompa kijana wa miaka 18 sekunde ya kutosha kukwepa halimpi muda huo mtoto wa miaka 11, wala mzee ambaye vidole vimekaza, wala mtu anayecheza kwenye runinga ya banda inayochelewesha picha. Mtu wa namna hiyo akipunguza kasi au maumivu, mara nyingi ndipo anapofikia ule mkazo ambao wewe unaupata kwenye ngazi ya kawaida. Ningemnyima hiyo kwa faida ya nani?

Ngazi inakuwa jambo la kubishania pale tu mnapolinganisha. Wanaoshindania kumaliza gemu kwa muda mfupi huorodhesha matokeo ya kila ngazi peke yake. Nanyi mkiandika rekodi ukutani pale bandani, andikeni na ngazi mbele ya jina, bila kumcheka mtu. Kwa Resident Evil 4 hata hiyo haitoshi, maana Normal yako na Normal ya mdogo wako si moja. Mkitaka mashindano ya haki, malizeni gemu kwanza ili Professional ifunguke, kisha shindaneni humo. Ngazi hiyo imefungwa kwenye ugumu wa juu kabisa tangu mwanzo hadi mwisho, haishuki hata ufe mara ngapi, kwa hiyo idadi ya maadui mtakaowahesabu kasrini itakuwa moja kwenu wote.