Volti zinashuka nikiunga saketi

"Nina betri ya volti 9 na rezista mbili za omu 10,000. Katikati napata 4.5 kama hesabu inavyosema, ila nikiunga saketi yangu zinabaki 3. Rezista moja mbovu?"

Rezista zako nzima kabisa. Saketi yako imekaa sambamba na rezista ya chini, kwa hiyo ile ya chini si omu 10,000 tena. Tazama mkondo: rezista ya juu imebaki na volti 6, inapitisha miliampia 0.6. Ya chini, kwa volti 3, inapitisha 0.3. Hizo 0.3 nyingine zinakwenda kwenye saketi yako, maana yake nayo ni kama omu 10,000. Zikiwa sambamba zinakuwa 5,000, basi hesabu ya kweli ni hii:

```
V = 9 × 5000 / (10000 + 5000) = 3
```

Kuna mwenzetu aliyeshauri uweke rezista za omu ndogo; amepata nusu. Ukiweka za omu 100 utapata karibu 4.48, lakini miliampia 45 zitapotea bure muda wote na betri haitadumu.

— Mimi yangu ni mota ndogo, haizunguki kabisa. Nipige hesabu hiyohiyo?

Hapana, mota haina ukinzani mmoja. Wakati wa kuanza kuzunguka inavuta mkondo mwingi kuliko ikishashika kasi. Tafuta regyuleta, kifaa kinachoshikilia volti zisibadilike hata mkondo ukibadilika. Hata saketi ya muulizaji wa kwanza, kama mkondo wake unabadilika, sina hakika itatulia kwenye 3.