Nililipa mara tatu ili nitoe ushindi wangu, na wewe dada wa Mombasa usilipe hata mara moja

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja yuko Mombasa, kanitumia skrini shoti ya akaunti yake ina salio la kutosha kulipa ada ya watoto wote wawili, chini yake kuna maandishi mekundu kwamba alipe kodi kwanza ndo afunguliwe, mwisho kesho saa kumi na mbili jioni. Akaniuliza, kaka hii ni ya kweli? Nilikaa na simu mkononi muda mrefu maana yale maandishi mekundu nayajua, mwaka jana yalikuwa kwenye simu yangu.

Mi nauza spea za pikipiki hapa Tanga na mikeka nimebeti miaka mingi. Sasa kuna mtu aliniunga kwenye grupu la wasapu, wanacheza kasino ya mtandaoni, kila siku watu wanarusha picha za miamala wamelipwa. Nikaweka elfu 10 kujaribu, ikawa elfu 17, nikabonyeza kutoa na kweli ikaingia kwenye simu ndani ya dakika tano. Hapo ndo waliponikamata. Ile elfu 7 waliyonipa juu ni chambo, wananunua imani yako kwa bei ndogo, na mimi nikawa nawaambia jamaa zangu hawa wanalipa nimehakikisha mwenyewe.

Nikaweka elfu 50. Siku tatu baadae salio linasoma 3,640,000. Nabonyeza kutoa, linakuja tangazo: akaunti imezuiwa, lipa kodi ya asilimia 10 yaani 364,000, ukichelewa masaa 24 kuna faini. Admini akanipigia, sauti ya upole kabisa, ananiita bosi. Nikamuuliza swali moja la maana, mbona msikate humohumo kwenye milioni tatu mnipe inayobaki? Akajibu mfumo hauruhusu, salio limefungwa mpaka kodi iingie. Ningeishia hapo leo nisingekuwa naandika haya. Lakini nilikuwa nimeshaipangia ile hela, nimeshamwambia mpaka fundi aje kupima kiwanja, nikachukua hela ya mzigo wa dukani nikatuma.

Kesho yake ikaja ada ya uhakiki 150,000, wanasema hii itarudishwa pamoja na ushindi. Nikatuma. Ya tatu ndo inaniuma mpaka leo. Wakaniambia pesa imetoka ila imekwama kwa sababu namba ya akaunti ya benki niliyojaza ina kosa, nilipe 250,000 ya marekebisho. Naangalia kwenye ukurasa wao, kweli tarakimu moja katikati imebadilika, pana 6 wakati akaunti yangu ina 8. Nikajilaumu, nikaamini nimekosea kuandika mwenyewe. Nimekuja kuelewa baadae kwamba ukurasa ni wa kwao, wanaingia nyuma wanabadilisha wanachotaka, tarakimu ya akaunti yako na hata ile milioni tatu yenyewe. Ile 250,000 ilikuwa hela ya kikoba ya mke wangu. Nilimwambia ni ya dharura ya mzigo.

Baada ya hapo wakataka nyingine 300,000, nikakosa pa kukopa, wakaniondoa kwenye grupu. Laki nane na kitu zimekwenda.

Sasa nisikilize vizuri wewe unayecheza, maana najua unacheza na sikuambii uache. Kodi ya ushindi ipo kweli, ndo maana uongo wao unaingia kirahisi. Ila anayeikata ni kampuni, inakata kabla hujalipwa na inaipeleka serikalini yenyewe. Hapa Tanzania ukishinda kwenye kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, tiketi yako ina mstari wa kodi na chini yake kiasi utakachopokea, TRA hawakuoni wewe wanaiona kampuni. Huko Kenya kwa dada yangu, mpaka Juni 2025 ilikuwa inakatwa asilimia 20 ya ushindi, kuanzia Julai 2025 ikawa asilimia 5 ya unachotoa kwenye akaunti yako ya kubeti. Yaani ukitoa shilingi 50,000 za Kenya, 2,500 inabaki kwao kwa ajili ya KRA, wewe unapokea 47,500. Hakuna sehemu ambayo wewe unatoa 2,500 mfukoni unawatumia halafu unakaa kusubiri.

Kwahiyo swali lako ni lile lile nililouliza mimi, kateni humohumo. Mwenye hela kweli kwake ni kazi rahisi, anatoa kidogo kwenye nyingi anakupa iliyobaki. Asiyekuwa nayo hawezi kukata kitu ambacho hakipo, ndo maana atakupa kila sababu duniani, mfumo, benki kuu, sheria mpya. Ukishasikia haikatiki, funga simu. Usisubiri sababu ya pili kwasababu sababu ya pili inakuwaga nzuri kuliko ya kwanza.

Na angalia hela inakwenda wapi. Malipo ya serikali hapa kwetu yana kontrol namba, na ukiiingiza kwenye simu inakuletea jina la taasisi. Mimi kila nilipotuma, kabla ya kuweka namba ya siri simu ilinionyesha jina la mtu binafsi, mara tatu majina matatu tofauti. Niliyaona. Admini alisema ni mawakala wa kodi nikakubali. TRA hawana wakala wa kupokea kodi kwenye laini yake ya simu, jamani, hayupo.

Kama umeshatuma, usifanye nilivyofanya, mi nilikaa siku mbili kwa aibu. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo waombe waizuie, kama hajaitoa kuna nafasi, akishaitoa kwa wakala imeisha. Kachukue RB polisi, tunza meseji za miamala usifute hata moja. Hapa Tanzania ripoti namba ya huyo tapeli kwa meseji kwenda 15040. Na wiki chache mbele atakutafuta mtu anajiita wa kitengo cha makosa ya mtandao, anajua mpaka kiasi ulichopoteza, anasema hela yako imepatikana changia laki moja ya kufungua faili. Ni wale wale, au wameuza namba yako kwa wenzao. Mimi alinipata nikiwa bado na kidonda, nilikuwa nimeshafungua menyu ya kutuma hela, mke wangu akaichukua simu mkononi. Siku hiyo ndo nilimweleza yote na ile ya kikoba.

Dada wa Mombasa nilimwambia awaandikie sentensi moja tu, kateni kodi kwenye salio nitumieni inayobaki. Asubuhi akanitumia majibu yao. Walimwambia kwavile yeye ni mteja mzuri wamempunguzia kodi nusu. Nikampigia, nikamuuliza dada, umewahi kuona wapi KRA wanapunguza kodi nusu kwa meseji ya wasapu saa nane usiku? Akanyamaza. Halafu akasema alikuwa ameshaongea na jirani amkopeshe, ngoja ampigie amwambie hela haihitajiki tena.